Sura ya Sita: Kinu Kwanza, Moto Baadaye

Mpishi yeyote wa kisamvu ukimuuliza kwa nini sufuria yake inakaa motoni nusu siku, atakujibu kwamba kisamvu kina sumu na moto ndio unaoitoa. Jibu hilo lina ukweli nusu. Moto una kazi kubwa, na tutaifikia, lakini sehemu kubwa ya sumu ya majani ya muhogo huanza kuvunjika kabla kuni hazijawashwa, ndani ya kinu. Anayeruka hatua ya kinu akidhani ataifidia kwa saa za ziada jikoni anaweza kupata mboga laini iliyobaki na uchungu, na pengine na zaidi ya uchungu.

Katika sura hii nitafuata chungu kimoja tu, cha kisamvu cha karanga kama kinavyopikwa Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, ambako muhogo na karanga hulimwa na watu walewale. Pwani ya Tanga na Zanzibar wengi hupendelea tui la nazi. Ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, mboga hii huitwa matapa na huweza kubeba karanga na nazi pamoja. Bukavu na Goma ni sombe, Kigali na Bujumbura ni isombe. Viungo hubadilika kila unapovuka mpaka, lakini jani ni lilelile, na lina tabia ileile.

Tabia yenyewe ni hii. Jani la muhogo halibebi sianidi iliyo tayari kudhuru. Linabeba kitu kiitwacho linamarini, ambacho ni sukari iliyofungamana na sianidi, na limekihifadhi katika vifuko vidogo ndani ya seli zake. Mahali pengine, kwenye kuta za seli hizohizo, kuna kimeng'enya chenye kazi ya kuikata linamarini hiyo. Jani likiwa zima, viwili hivyo havikutani. Mdudu akilitafuna, au panya, au mbuzi, kuta zinapasuka, kimeng'enya kinaifikia linamarini, na sianidi inafunguliwa mdomoni mwa mlaji. Ni ulinzi wa mmea, na ni mkali: kilo moja ya majani mabichi huweza kuwa na miligramu mia kadhaa za sianidi iliyofungwa hivyo, kwa kawaida nyingi kuliko zilizo katika nyama ya kiazi chake.

Anachofanya mtwangaji ni kuchokoza ulinzi huo makusudi, mbali na mdomo wa mtu. Kila pigo la mchi linapasua seli. Linamarini inakatwa; kwanza inatoka sukari, na kinachobaki ni kitu cha katikati kisichotulia, ambacho nacho huvunjika na kuachia sianidi kama gesi. Gesi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za selsiasi. Mchana wa Mtwara una joto zaidi ya hapo, kwa hiyo kisamvu kilichotwangwa vizuri kinaanza kuitoa sumu yake kikiwa bado kwenye kinu.

Sasa tazama kinachotokea kwa anayechemsha majani mazima kwanza ili yalainike na kutwangika kwa urahisi. Wapo wanaofanya hivyo, na ninaelewa sababu yao: mchi ni mzito na mikono ina kazi nyingine. Tatizo ni kwamba kimeng'enya, kama vimeng'enya vingi, hufa kwa joto. Maji yakipita nyuzi 70 kazi yake inakwisha. Linamarini yenyewe haiogopi maji yanayochemka. Inaweza kutokota muda mrefu bila kuvunjika. Mpishi huyo amemuua mfanyakazi na kuiacha kazi. Njia pekee iliyobaki kwake ni maji: linamarini huyeyuka katika maji, hivyo atalazimika kuchemsha kwa maji mengi, kuyamwaga, kuweka mengine, na pengine kurudia. Mboga itakuwa salama zaidi, lakini kwenye maji hayo zitakuwa zimekwenda vitamini na sehemu ya ladha.

Kwa hiyo tuanze mahali panapostahili, shambani.

Majani yanayochumwa ni yale ya juu, machanga, matatu hadi matano kutoka kwenye ncha ya tawi. Hapa pana kinyume ambacho walaji wengi hawakijui: majani laini ya kileleni ndiyo kwa kawaida yenye sumu nyingi kwa uzito, kuliko majani makubwa ya chini. Tunachuma hayo kwa sababu nyuzi zake hazijakomaa, na kwa sababu sumu inatoka kirahisi kuliko nyuzi ngumu. Baada ya ukame mrefu mmea huongeza sumu katika majani na viazi, kwa hiyo kisamvu cha Oktoba kavu kinataka uangalifu zaidi ya kile cha Machi. Majani yenye batobato, yaliyokunjamana na kuwa na mabaka ya njano, yaache. Ni magumu, na hayana mboga ya maana.

Kuna pia kisamvu mpira, kinachochumwa kwenye mti mrefu unaopandwa karibu na nyumba na usiotoa viazi vya kula. Huo ni ndugu wa muhogo kutoka Brazili, na Wajerumani waliupanda kwa wingi Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20 wakitaka utomvu wa mpira. Bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913 mashamba yalitelekezwa, miti ikabaki, na wapishi wakaigeuza mboga. Miaka ya 1930 watafiti wa kituo cha Amani, kwenye milima ya Usambara, waliuzalisha mti huohuo pamoja na muhogo ili kupata mbegu inayostahimili batobato, na damu yake imo katika mbegu nyingi za muhogo zinazolimwa leo barani. Majani yake hutwangwa na kupikwa kwa utaratibu uleule nitakaoueleza.

Chukua kilo moja ya majani, yakiwa yameshatolewa vikonyo. Vikonyo ni nyuzi tupu; vikiingia kwenye kinu havitwangiki wala havilainiki, na ndivyo vinavyokwama kwenye meno. Watu wengine husoma rangi ya kikonyo wakidhani chekundu ni cha muhogo mtamu na cheupe ni cha mchungu, au kinyume chake, kutegemea kijiji. Rangi haisemi kitu cha kutegemewa. Anayejua ni mwenye shamba, ambaye amekwisha kuonja kiazi.

Osha majani, yakung'ute, twanga kidogo kidogo. Konzi mbili tatu kwa mara moja, hadi pasionekane kipande cha jani, kisha hamishia kwenye ungo na kuweka mengine. Kwa mikono iliyozoea kilo moja huchukua kama dakika ishirini. Unajua umefika pale ukifinya bonge kwenye kiganja likashikana, na maji ya kijani mazito yakatoka kati ya vidole. Ukiona bado vipande vya ukubwa wa majani ya chai, seli nyingi humo bado nzima, na linamarini yake bado imefungiwa. Blenda inafaa, mashine ya kusagia nyama inafaa, na siku hizi masokoni kuna mashine za kusaga kisamvu zinazofanya kazi hiyo kwa dakika chache. Kipimo ni kilekile: laini kama unga uliolowa. Blenda hudai maji ili izunguke, na hayo usiyamwage, yaingie chunguni, isipokuwa umetumia majani ya muhogo mchungu.

Hatua inayofuata ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa kuwa haina kazi ya mikono. Tandaza kisamvu kwenye ungo kivulini, mahali penye hewa, kikae saa moja au mbili. Kimeng'enya kinaendelea kukata, gesi inaendelea kutoka. Harufu kali ya majani mabichi inayopanda puani wakati wa kutwanga hupungua. Mkemia Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, ambaye alitumia miaka mingi kutafuta njia nyepesi za kuondoa sumu ya muhogo, aliijenga kazi yake juu ya jambo hili hili: lowesha au ponda, tandaza, subiri, na mmea wenyewe utafanya kazi yake. Kwa unga wa muhogo alipendekeza uchanganywe na maji na kutandazwa kwa tabaka jembamba, saa mbili juani au saa tano kivulini, kabla ya kusongwa ugali. Kwa majani alionyesha kuwa kuponda, kusubiri na kusuuza kwa maji kunaweza kuondoa karibu sumu yote kabla ya moto, na virutubishi vikabaki zaidi kuliko kwa kuchemsha sana.

Basi kama kinu na ungo vinaweza kufanya hivyo, moto wa saa mbili ni wa nini?

Kwanza, unamalizia. Kile kitu cha katikati nilichokitaja, kisicho linamarini tena wala bado si gesi, hukaa ndani ya majimaji ya kisamvu na huvunjika upesi kikipata joto. Ukibandika chungu, kinachobaki humo kinafunguka na kupanda na mvuke. Ndiyo sababu saa nzima ya kwanza chungu huwa wazi. Kifuniko kinaurudisha mvuke chini kama matone, pamoja na kilichomo. Na kama unapikia kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, fungua mlango na usiinamie chungu kunusa.

Pili, moto unalainisha kuta za seli. Jani la muhogo si mchicha. Kuta zake zimeshikanishwa kwa pektini na kuimarishwa na nyuzi, na pektini huyeyuka polepole katika maji ya moto. Dakika ishirini hutoa mboga ya kijani yenye mchanga mchanga kinywani, ambayo mgeni huimeza kwa adabu. Saa moja hutoa mboga inayolika. Kati ya saa moja na nusu na saa mbili mchanga huo hutoweka, na mboga inaanza kujishikilia yenyewe, maji na majani vikawa kitu kimoja. Hapo ndipo karanga zinapokuwa na mahali pa kushika.

Tatu ni uchungu. Uchungu wa kisamvu unatoka sehemu zaidi ya moja. Linamarini ni chungu. Lakini majani yana tanini pia, zile zinazokausha ulimi kama chai iliyokolea sana, na hizo hazitoki kama gesi. Sehemu yake huingia kwenye maji, na sehemu hushikana na protini za majani na baadaye za karanga, na makali yake yakapungua. Ndiyo maana kisamvu kinaweza kuwa kimeshaachana na sumu yake na bado kikawa na uchungu mwembamba nyuma ya ulimi. Kinyume chake nacho kinawezekana: karanga nyingi na chumvi vinaweza kuficha uchungu wa mboga ambayo haikutwangwa vizuri. Ulimi ni mshauri mzuri. Usiufanye hakimu.

Turudi kwenye kilo yetu. Weka lita mbili za maji kwenye sufuria pana, yachemke, ndipo utie kisamvu. Usitie chumvi bado, na usitie nyanya, ndimu wala kitu kingine chochote kichachu. Uchachu unaharibu mambo mawili kwa pamoja. Pektini haiyeyuki vizuri kwenye maji ya uchachu, kwa hiyo mboga inabaki ngumu hata ukipika hadi jioni. Na kile kitu cha katikati kinachotakiwa kuvunjika hutulia katika uchachu badala ya kuachia gesi. Nyanya mbili zilizotiwa mapema zinaweza kukuongezea saa nzima ya kuni.

Magadi hufanya kinyume cha nyanya, na wapishi wa kale walilijua hilo bila kupima chochote. Kipande kidogo kilichoyeyushwa kwenye kikombe cha maji, kikaachwa kitulie na kumiminwa bila mashapo yake, au nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea, kinafupisha upikaji kwa kiasi kinachoonekana. Ukizidisha, mboga inateleza na kuwa na ladha ya sabuni, na vitamini B1 na C zinapotea zaidi. Kasoro nyingine ya magadi haitajwi sana. Bila magadi, kisamvu hubadilika rangi kadiri kinavyoiva: kijani cha kuwaka kinafifia na kuwa kijani cha zeituni, kilichoelekea kahawia, kwa sababu asidi za majani zinaondoa magnesi iliyomo kwenye rangi yake ya kijani. Mpishi hutumia badiliko hilo kama saa. Kwenye maji ya magadi rangi haifi, kisamvu kinabaki kinang'aa hata kikiwa kimeiva kabisa, na pia kinang'aa kikiwa hakijaiva. Ukitia magadi, hukumu kwa kidole na ulimi, wala usitazame rangi.

Mwanzoni povu jepesi la kijani litapanda. Koroga na punguza moto lisimwagike. Ukijua majani yametoka kwenye muhogo mchungu, au uliyanunua sokoni yakiwa yametwangwa na hujui yametoka wapi, chuja baada ya robo saa ya kuchemka, mwaga maji hayo, na anza upya na maji mapya ya moto. Kwa majani ya muhogo mtamu yaliyotwangwa vizuri na kupumzika, sioni haja ya kumwaga. Unachotupa ni chakula. Acha yatokote kwa moto wa wastani, ukiongeza maji ya moto kila yanapopungua. Maji ya baridi yanakatisha mchemko, nawe unahesabu dakika ambazo chungu hakikuwa kikiiva. Baada ya saa moja unaweza kufunika nusu. Baada ya saa moja na nusu, chukua kidogo, sugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikisagika bila kuacha nyuzi, kipo tayari kwa karanga.

Jiko la mgandamizo linaokoa kuni na muda, na sina ugomvi nalo, ilimradi kisamvu kwanza kitwangwe, kipumzike, na kichemke wazi kama dakika ishirini kabla ya kufungiwa. Ukikifungia tangu mwanzo, gesi iliyobaki haina pa kwenda hadi utakapofungua.

Karanga zinataka robo kilo, mbichi, zilizotwangwa hadi ziwe unga wenye mafuta. Wengine huzikaanga kidogo kwanza ili kupata harufu. Ladha inakuwa nzito zaidi na hatari ya kuungua inaongezeka. Kusini mbegu iitwayo Pendo, iliyotolewa na kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, mwaka 1998, imeenea mashambani na inafaa sana kwa mboga. (Waingereza walifyeka mapori ya Nachingwea na Kongwa kati ya 1947 na 1951 kwa matrekta wakitaka mafuta ya karanga, wakaondoka na hasara. Mkulima wa jembe la mkono aliendelea kuvuna karanga zake palepale.) Chagua moja moja kabla ya kutwanga. Iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi au yenye uchungu, itupe. Sumukuvu inayokaa kwenye karanga hizo haifanani kabisa na sianidi: haina gesi, haipandi na mvuke, na saa mbili za moto haziiondoi. Upikaji wote mrefu niliousifu hautakusaidia kwa karanga mbaya.

Sababu ya karanga kuingia mwisho ni rojo. Unga wa karanga ukishagusa maji ya moto unavimba, unakuwa mzito, na unashuka chini kuungua. Ukiutia mwanzoni utalazimika kukoroga saa mbili, na rojo zito linakifunika kisamvu, mvuke unapita kwa shida. Koroga unga kwanza kwenye vikombe viwili vya maji baridi au vuguvugu hadi usiwe na vibonge, mimina taratibu, punguza moto uwe wa makaa tu, na sasa usiondoke. Sugua sakafu ya sufuria kwa mwiko kila dakika chache. Karanga mbichi zina harufu ya maharage mabichi. Itakata baada ya dakika kumi na tano hivi. Endelea hadi nusu saa, hadi uone vitone vya mafuta vikichomoza juu na ukingoni mwa sufuria. Hayo ni mafuta ya karanga yenyewe, na ni dalili kwamba zimeiva. Ndipo kitunguu, nyanya kama unaipenda, na chumvi mwisho kabisa, kwa maana mboga imekuwa ikipungua maji muda wote na chumvi iliyotosha mwanzoni ingezidi sasa.

Ikiwa una dagaa, wape nafasi dakika kumi kabla ya kuepua. Hapa kuna jambo linalozidi ladha. Mwili hujikinga na kiasi kidogo cha sianidi kwa kuigeuza kuwa kitu kisicho na madhara makubwa kinachotoka na mkojo, na kwa kazi hiyo unahitaji salfa inayotoka kwenye protini. Protini za majani ya muhogo ni nyingi, lakini zina upungufu wa amino asidi zenye salfa. Dagaa wanazo kwa wingi. Karanga zinachangia kidogo. Mwaka 1981, katika ukame, zaidi ya watu 1,000 katika jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, walipooza miguu kwa ugonjwa unaojulikana kama konzo; daktari Msweden Hans Rosling alikuwa akifanya kazi huko na alikuwa miongoni mwa waliouchunguza. Wagonjwa wengine walipatikana mkoani Mtwara mwaka 2002 na 2003. Lawama haikuwa ya majani. Ilikuwa ya viazi vichungu vilivyosagwa unga haraka, bila siku za kutosha za kuloweka na kukausha, wakala watu ambao kwa wiki nyingi hawakuwa na protini nyingine ya maana. Chungu cha kisamvu cha karanga chenye dagaa, kando ya ugali wa makopa yaliyotayarishwa ipasavyo, ni mlo wa namna nyingine kabisa na ule.

Mtu akila muhogo au kisamvu halafu akapata kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu na kutapika ndani ya saa chache, hasa mtoto, apelekwe kituo cha afya mara moja, na mboga iliyobaki isiliwe na mwingine.

Kisamvu cha karanga kikipoa kitaganda. Cha jana kinapendwa kuliko cha leo na wengi wanaokijua, kwa kuwa karanga na majani vimepata usiku wa kuingiana. Lakini karanga zilizopikwa huchacha upesi kwenye joto la pwani. Bila friji, kichemshe tena usiku kabla ya kulala na tena asubuhi. Kikipashwa, ongeza kikombe cha maji kwanza, moto mdogo, na anza kukoroga kutoka chini.